Milinganyo ya pamoja Kidato cha Nne: jozi moja, grafu moja, njia tatu

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne ukimpa milinganyo miwili yenye x na y, mara nyingi atakupatia jawabu. Kuondoa alijifunza tangu Kidato cha Kwanza, kuingiza pia, na mistari ya grafu ameshaichora sana. Sasa muulize kwa nini inaruhusiwa kuchukua mlinganyo mmoja na kuutoa kwenye mwingine, au huo mlinganyo mpya anaoupata uko wapi kwenye grafu yake. Hapo darasa zima hukaa kimya. Vichwani mwao njia hizo ni mada tatu zisizohusiana, kila moja na hatua zake za kukariri. Ndiyo maana mtihani ukibadilisha kidogo namna ya kuuliza, wanachanganyikiwa.

Mwongozo huu ni wa somo moja la vipindi viwili vinavyofuatana, yaani dakika 80, ambalo kazi yake ni kuziunganisha njia hizo tatu kwa jozi moja tu ya milinganyo. Nimeuandika nikifikiria madarasa yetu ya Dar es Salaam: wanafunzi sitini au zaidi, ubao mmoja, na madawati ya watu watatu watatu. Ufundishe Kidato cha Tatu mwishoni au Kidato cha Nne kabla ya kuanza matriki na programu ya mistari, kwa sababu mada zote mbili zinasimama juu ya msingi huu.

Kwanza, andika lengo linaloweza kupimwa

Kwenye andalio la somo wengi tunaandika kwamba mwanafunzi ataweza kukokotoa milinganyo ya pamoja kwa njia tatu. Lengo hilo litakurudisha kwenye kufundisha mada tatu ndogo ndani ya kipindi kimoja. Andika hivi badala yake: mwanafunzi ataweza kuonyesha kwenye grafu kila hatua ya kuingiza na ya kuondoa inafanya nini. Ukiwa na lengo hilo, utajua mwisho wa kipindi kama limefikiwa, maana utampa mwanafunzi mlinganyo uliotokana na kujumlisha na kumwambia auchore. Akijua kabla ya kuchora kwamba mstari utapita kwenye makutano yale yale, na akakueleza sababu, ameelewa.

Chagua jozi kwa uangalifu

Hapa ndipo somo linapofanikiwa au kuharibika, kwa hiyo usichukue tu jozi ya kwanza inayokuja kichwani. Jozi kama x + y = 7 na x − y = 1 ni mbaya kwa kazi hii. Mwanafunzi anaibahatisha kabla hujamaliza kuiandika, na hakuna sababu ya kuzidisha chochote ili herufi iondoke.

Jozi ninayopendekeza inatoka kwa mama ntilie. Watu wa meza ya kwanza wamekula chapati 3 na kunywa chai vikombe 2, wamelipa shilingi 1,800. Meza ya pili wamekula chapati 1 na kunywa chai vikombe 4, wamelipa shilingi 1,600. Tukiita bei ya chapati moja x na bei ya kikombe kimoja cha chai y, zote katika mamia ya shilingi, tunapata:

A: 3x + 2y = 18

B: x + 4y = 16

Angalia jinsi ilivyokaa. Mstari wa A unakata mihimili kwenye (6, 0) na (0, 9), wa B kwenye (16, 0) na (0, 4), zote namba nzima. Makutano ni (4, 3), yaani chapati shilingi 400 na chai 300. Mistari inakutana kwa pembe ya wazi, na hilo ni muhimu, kwani mistari inayokaribia kulaliana huwa na makutano marefu kama kovu na kila mwanafunzi husoma namba yake. Kwenye B, x imesimama peke yake, kwa hiyo kuingiza hakuleti sehemu. Kuondoa nako kunahitaji kuzidisha mlinganyo mmoja, na hatua hiyo ndiyo tunayotaka kuijadili.

Sisitiza tangu mwanzo kwamba x ni bei ya chapati. Wapo watakaosoma 3x kama "chapati tatu", na jedwali la grafu litawachanganya mara moja, kwa sababu mhimili wa x utakuwa unaonyesha mia za shilingi wakati wao wanahesabu chapati. Ukitaka kuwagundua mapema, uliza: nukta (6, 0) kwenye mstari wa A inasema nini? Anayejibu "chapati sita na chai sifuri" bado hajakaa sawa. Jibu ni kwamba kama chapati ingeuzwa 600 na chai ingetolewa bure, bili ya meza ya kwanza ingetimia vilevile.

Maandalizi ya siku moja kabla

Chora gridi ubaoni kabla ya kipindi, au siku ile ile wakati wa mapumziko. Tumia sentimita 8 kwa kila kimoja, nayo itakuwa sentimita 128 kwa upana na 72 kwa kimo, ukubwa unaoonekana hadi dawati la nyuma. Huna haja ya kuchora mistari yote ya gridi. Weka vidoto vya chaki kwenye kila makutano, ukitumia kamba uliyoifunga mafundo kila baada ya sentimita 8. Kama ubao wako unatumiwa na walimu wengine muda wote, chora kwenye manila kwa sentimita 4 kila kimoja, itatosha karatasi moja.

Wanafunzi watumie karatasi ya grafu iliyolazwa, sentimita 1 kwa kila kimoja kwenye mihimili yote miwili. Wasio na karatasi ya grafu watumie daftari la miraba, miraba miwili kwa kila kimoja ikiwa miraba ni midogo. Rula moja kwa kila dawati inatosha, lakini hakikisha ipo. Nusu ya makosa ya grafu hutokana na mstari uliochorwa kwa ukingo wa kitabu.

Dakika 30 za kwanza: kisa na grafu

Simulia kisa cha mama ntilie, kisha usiandike milinganyo. Uliza kwanza: kwa bili ya meza ya kwanza peke yake, chapati inaweza kuwa bei gani? Acha wataje. Mmoja atasema 200, basi chai ni 600. Mwingine 400, basi chai 300. Kila jibu linalotimiza bili liweke kama nukta ubaoni. Baada ya nukta tatu au nne wataona zimejipanga, na mtapitisha rula kutoka (0, 9) hadi (6, 0). Umeshafundisha jambo ambalo grafu nyingi za darasani hazilisemi, kwamba mstari ni mkusanyiko wa bei zote zinazokubaliana na bili moja.

Sasa kila dawati lichore B kwenye karatasi yake. Wape nukta mbili za kutafuta, x ikiwa sifuri na y ikiwa sifuri, na nukta ya tatu ya kuhakiki. Wakikosea nukta moja, ile ya tatu itakataa kukaa kwenye mstari, na hapo watajua wenyewe bila kukuita. Wakimaliza, wataje makutano. Uliza kwa nini (4, 3) na si nukta nyingine. Jibu unalolitafuta ni fupi, kwamba hizo ndizo bei pekee zinazotimiza bili zote mbili. Waingize 4 na 3 kwenye A, halafu kwenye B, na matokeo yaandikwe pembeni ya grafu.

Masomo yenyewe na mtihani wa Taifa ni kwa Kiingereza, kwa hiyo milinganyo na majibu yaandikwe ubaoni kwa lugha ya mtihani. Mabishano ya dawatini yaache yawe ya Kiswahili. Mwanafunzi anayetafuta neno la kigeni hana nafasi ya kutafuta sababu.

Dakika 15: kuingiza ni kutembea juu ya mstari mmoja

Usianze na aljebra. Waambie waweke kidole kwenye nukta (16, 0), mwanzo wa mstari wa B, kisha wapande juu ya mstari huo huo bila kuuacha, hatua moja ya y kila mara. Watapita (12, 1), (8, 2), (4, 3) na kuishia (0, 4). Kwenye kila nukta waulize swali moja: kwa bei hizi, meza ya kwanza ingelipa ngapi? Wakokotoe 3x + 2y na kujaza jedwali.

Kwenye (16, 0) bili ni 48. Kwenye (12, 1) ni 38. Kwenye (8, 2) ni 28, kwenye (4, 3) ni 18, na kwenye (0, 4) ni 8.

Wape dakika moja ya kulitazama jedwali. Bili inaanzia 48 na kila hatua inashuka kwa 10. Muombe mmoja aandike bili ya meza ya kwanza kwa kutumia y peke yake, na wengi wataweza kuandika 48 − 10y bila kusaidiwa. Bili halisi ni 18, kwa hiyo 48 − 10y = 18, na y = 3.

Sasa ndipo uandike aljebra ubaoni, polepole, kando ya jedwali. Kutoka B, x = 16 − 4y. Hiyo ndiyo amri ya kubaki juu ya mstari wa B. Ingiza kwenye A:

3(16 − 4y) + 2y = 18

48 − 12y + 2y = 18

48 − 10y = 18

Onyesha kwa kidole kwamba mstari wa tatu wa aljebra na jedwali lao ni kitu kimoja. Ile 48 ni bili kwenye mwanzo wa safari, ile 10 ni mshuko wa kila hatua. Nimeona wanafunzi ambao wamefanya njia hii kwa miaka mitatu wakishtuka hapa, kwa sababu hawakuwahi kufikiri kwamba 48 ina maana yoyote.

Swali la nyongeza linalofaa sana: itakuwaje ukiingiza x = 16 − 4y kwenye B yenyewe? Waache wafanye. Watapata 16 = 16 na kudhani wamekosea hesabu. Hesabu haina kosa. Walichofanya ni kutembea juu ya B na kujiuliza kama wako juu ya B, na jibu la swali hilo huwa ndiyo daima. Kosa hili linatokea kwenye mtihani kila wakati, na aliyeliona kwenye grafu hulitambua mara moja.

Dakika 20: kuondoa ni kuchora mstari mwingine kupitia makutano yale yale

Hii ndiyo sehemu nzito ya somo, na ukibanwa na muda punguza kwingine, usipunguze hapa.

Anza na kisa tena. Meza zote mbili zikilipa pamoja, bili ni ipi? Chapati 4 na chai 6, shilingi 3,400. Kwa hiyo A + B ni 4x + 6y = 34. Kabla hawajauchora, waulize mstari huu utapita wapi. Waache wabishane. Kisha wachore kwa nukta (1, 5) na (7, 1). Rula itapita kwenye (4, 3) kabisa.

Halafu waulize meza ya kwanza ilizidi ya pili kwa nini. Chapati 2 zaidi, chai 2 pungufu, tofauti ya shilingi 200. A − B ni 2x − 2y = 2, au x − y = 1, ambayo inasema chapati ni ghali kuliko chai kwa shilingi 100. Wauchore kwa (1, 0) na (6, 5). Nao unapita (4, 3).

Sasa dai sababu, usikubali "kwa sababu ndivyo ilivyo". Sababu ni kwamba kwenye nukta (4, 3) upande wa kushoto wa A ni 18 na upande wa kushoto wa B ni 16. Basi ukizijumlisha pande hizo za kushoto kwenye nukta hiyo hiyo, lazima upate 34, na ukizitoa lazima upate 2. Bei zinazotimiza bili zote mbili haziwezi kushindwa kutimiza jumla yake wala tofauti yake. Mwanafunzi akilisema hili kwa maneno yake, hata kama ni maneno ya mitaani, liandike ubaoni kama alivyolisema.

Kufikia hapo karatasi zao zina mistari minne iliyotawanyika kutoka nukta moja kama mapanga ya feni. Uliza: kati ya mistari yote inayoweza kupita hapo, upi ungekupa jawabu bila kuhesabu? Kuna mmoja atakayesema uliosimama wima, kwa sababu unaonyesha x moja kwa moja, na mwingine atasema uliolala. Ndiyo hiyo tunayoitafuta tunapoondoa herufi.

Gawa kazi. Madawati ya upande wa dirisha watafute mchanganyiko unaofuta y, na upande wa mlango unaofuta x. Wa kwanza watazidisha A kwa 2 na kutoa B:

2A: 6x + 4y = 36

B: x + 4y = 16

2A − B: 5x = 20, basi x = 4

Wa pili watazidisha B kwa 3 na kutoa A:

3B: 3x + 12y = 48

A: 3x + 2y = 18

3B − A: 10y = 30, basi y = 3

Tafsiri ya kisa isisahaulike. Meza ya kwanza ikiagiza mara mbili, itakuwa na chapati 6 na chai 4 kwa 3,600. Meza ya pili ina chai 4 vilevile. Tofauti ya 2,000 basi ni ya chapati 5 tu. Hata mwanafunzi anayeogopa aljebra anaifuata hesabu hiyo.

Wachore x = 4 wima na y = 3 mlalo kwenye grafu ile ile. Kisha wape jambo la kufikiria: x = 4 peke yake ina nukta nyingi sana juu yake, je, tumepata jawabu? Bado. Tulichofanya ni kubadilisha mstari mmoja wa jozi kwa mstari mwepesi zaidi unaopita kwenye makutano yale yale. Tunahitaji bado mmoja wa mistari ya awali uukate huo wima, na ndiyo sababu tunarudi kwenye A au B kutafuta y. Wengi wanaishia kwenye x na kusahau y kwenye mtihani, na sababu ni kwamba hatua ya kurudi kwao ilikuwa desturi tu.

Tumia grafu kusahihisha makosa

Ukipita kati ya madawati utakutana na makosa yale yale, na uzuri wa karatasi hii ni kwamba kila kosa lina sura yake kwenye grafu.

La kwanza ni kuzidisha upande wa kushoto na kusahau wa kulia. Mwanafunzi anaandika 6x + 4y = 18, anatoa B na kupata 5x = 2, x = 0.4. Chapati shilingi 40! Badala ya kumwambia tu "umesahau kuzidisha", mwambie auchore 6x + 4y = 18. Utakata mihimili kwenye (3, 0) na (0, 4.5), mstari sambamba na A lakini si A. Kisha achore 6x + 4y = 36, utakaa juu ya A bila kuachana nao. Ameona kwa macho yake kwamba kuzidisha pande zote mbili hakuuhamishi mstari, na kuzidisha upande mmoja kunauhamisha.

La pili ni la mabano. Anaandika 3(16 − 4y) kuwa 48 − 4y, na kupata y = 15. Mwambie atafute 15 kwenye mstari wa B. Kimo cha juu cha B kwenye karatasi yake ni 4. Jibu lililo nje kabisa ya mchoro halihitaji mwalimu kulikataa.

La tatu ni la alama za kutoa. Wape x − y = 1 pamoja na A. Wakizidisha kwa 2 watapata 2x − 2y = 2, na hapo inatakiwa kujumlisha. Anayetoa na kudhani y imefutika huandika x = 16. Anayetoa kwa usahihi, 2y − (−2y) = 4y, atapata x + 4y = 16, na huyo mpe muda wa kuutambua mstari huo: ni B, amerudi alikotoka. Hakukosea hesabu, ila alichagua mchanganyiko usiofuta herufi. Kwenye kusahihisha, hawa wawili wasipewe alama sawa.

Dakika 10: bili zinazogongana

Andika ubaoni kwamba meza ya tatu wamekula chapati 6 na chai 4, wametozwa shilingi 4,000. Pamoja na bili ya meza ya kwanza, bei ni zipi? Kuondoa kunaleta 6x + 4y = 36 dhidi ya 6x + 4y = 40, na ukitoa unabaki na 0 = 4. Wanafunzi wengi hapa huandika x = 0 na y = 4, wakiamini lazima kuwe na jawabu. Wachore. Mistari ni sambamba, haikutani popote, na kisa kinasema kwa nini: walioagiza mara mbili ya meza ya kwanza walipaswa kulipa 3,600. Hakuna bei zinazoweza kuzitimiza bili hizo mbili.

Badilisha 4,000 kuwa 3,600. Sasa inatoka 0 = 0. Mstari ni mmoja, bili ya pili haijaongeza habari yoyote, na bei yoyote iliyoko juu ya A inakubalika. Usikae sana hapa. Inatosha wajue kwamba herufi zote zikifutika, kilichobaki kinakueleza kama mistari ni sambamba au ni mmoja. Utakapofika kwenye matriki, kumbuka kurudi kwenye karatasi hii: ile 10 iliyojitokeza kwenye 10y = 30 ndiyo kitambuzi cha matriki ya jozi yetu, 3 × 4 − 2 × 1, na kwa jozi ya sambamba kitambuzi ni sifuri.

Dakika 5 za mwisho na kazi ya nyumbani

Kabla ya kengele, kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi jibu la swali moja: bila kuchora, mstari wa 2A + B, yaani 7x + 8y = 52, unapita kwenye nukta gani unayoijua, na kwa nini? Kusanya. Karatasi sitini za sentensi mbili unazisoma jioni moja, na zitakuonyesha nani amepata wazo na nani amepata hatua tu. Aliyejibu (4, 3) baada ya kukokotoa 28 + 24 amehakiki vizuri, lakini mwenye sababu ni yule aliyesema kwamba lazima ipite hapo kwa sababu A na B zote zinapita hapo.

Kwa nyumbani wape jozi tatu na uwaagize wachague njia kabla ya kukokotoa, kisha waandike sentensi moja ya sababu. Ya kwanza, y = 2x − 1 na 3x + 2y = 12, inaita kuingiza, kwa kuwa y imeshatengwa. Ya pili, 5x + 2y = 16 na 3x − 2y = 0, inafutika kwa kujumlisha tu. Ya tatu, 4x + 3y = 25 na 3x − 2y = 6, inahitaji kuzidisha milinganyo yote miwili. Majibu ni (2, 3), (2, 3) na (4, 3). Nimeacha mbili za kwanza zikutane nukta moja kwa makusudi. Wachore mistari yote minne kwenye karatasi moja, na kesho yake uwaulize walichogundua.

Jozi ya nne iwe ya kuonyesha ukomo wa grafu: 3x + 2y = 18 na x + 5y = 16. Kwa grafu ya sentimita 1 mwanafunzi makini atasoma karibu (4.5, 2.3). Akihakiki kwenye mlinganyo wa pili anapata 4.5 + 11.5 = 16, sawa kabisa, na ataridhika. Kwenye wa kwanza anapata 13.5 + 4.6 = 18.1. Jawabu halisi ni x = 58/13 na y = 30/13, na hakuna penseli itakayolisoma hilo. Hapo ndipo atakapoona kwa nini tunahakiki kwenye milinganyo yote miwili, na kwa nini aljebra inahitajika hata kwa mwenye mkono mzuri wa kuchora.

Karatasi ya A na B zisitupwe. Programu ya mistari ikianza, chukua mistari hiyo hiyo na ugeuze alama: 3x + 2y ≤ 18, x + 4y ≤ 16, x na y zisiwe hasi. Eneo linalobaki lina pembe nne, (0, 0), (6, 0), (4, 3) na (0, 4). Tatu kati yake zinasomeka kwenye mihimili, na ya nne ni ile waliyoitafuta kwa njia tatu. Kwenye maswali mengine pembe hiyo haitaangukia kwenye mraba, na mwanafunzi aliyezoea kuisoma kwa jicho atapoteza alama. Mdai aikokotoe kwa kuondoa, kisha aiweke kwenye mchoro.